Gramu moja ya chumvi ipi? Bafa ya slaidi ya malaria, kutoka mizani hadi hadubini

Swali lenyewe huwa fupi. Karatasi ya mtihani wa vitendo imeandikwa: andaa lita 1 ya maji ya bafa yenye pH 7.2 kwa ajili ya kupaka rangi slaidi za malaria. Onyesha hesabu zako zote. Mezani kuna mizani, bika, chupa ya ujazo ya mililita 1000, maji yaliyokenekwa, na makopo mawili ya unga mweupe. Aliyekariri anakumbuka mara moja: gramu 0.7 za KH2PO4, gramu 1.0 ya Na2HPO4, maji hadi lita moja. Ndio utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, na katika maabara nyingi umebandikwa ukutani. Anapima, anakoroga, anajaza maji mpaka kwenye alama, ananyoosha mkono. Msimamizi anachovya kipima pH. Kinasoma 6.8.

"Mwalimu, mbona nimepima sawasawa?"

"Umepima nini, kijana? Hebu nisomee kopo."

Kopo la kwanza limeandikwa KH2PO4, basi. La pili limeandikwa Na2HPO4·12H2O. Ile nukta katikati, na ile 12H2O inayoifuata, ndiyo iliyokula pointi zake. Chumvi iliyomo kopo la pili imeganda ikiwa imeshika maji ndani ya fuwele zake: kila chembe moja ya chumvi imekumbatia chembe kumi na mbili za maji. Kwa macho ni unga mkavu kabisa, unamiminika kama chumvi ya mezani. Kwa mizani, asilimia 60 ya uzito wake ni maji. Ni kama mtu aliyenunua mahindi mabichi kwa kilo akidhani amenunua makavu. Gramu yake moja ina gramu 0.4 tu za ile chumvi aliyoihitaji.

Nimelichagua swali hili kwa sababu lina kila kitu kinachoulizwa katika mitihani ya maabara: molari, kuzimua, stoku na bafa. Tena lina kitu ambacho maswali mengi ya karatasi hayana. Jibu likikosewa, kosa linaonekana kwenye hadubini, kwa rangi.

Rangi yenyewe ni Giemsa, kwa jina la Gustav Giemsa, mkemia Mjerumani aliyetangaza utaratibu wake mwaka 1904 akiwa Hamburg. Wasomaji wa pwani yetu huenda wakafurahi kujua kwamba kabla ya hapo, kati ya 1895 na 1898, bwana huyo alifanya kazi ya ufamasia huku kwetu, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Rangi yake ni mchanganyiko wa makundi mawili. Moja ni rangi za bluu, zinazovutwa na sehemu za seli zenye tabia ya asidi. Jingine ni eosini, nyekundu, inayovutwa na sehemu zenye tabia ya besi. Zikikutana vizuri juu ya slaidi, kiini cha kimelea cha malaria hutoka chekundu chenye uzambarau na mwili wake hutoka bluu. Hapo ndipo mtaalamu anapoitambua ile pete ndogo ndani ya chembe nyekundu ya damu.

Kipi kivutwe na kipi, na kwa nguvu gani, huamuliwa na pH ya maji yaliyozimulia rangi. Maji yakielekea kwenye asidi, eosini inashinda: slaidi inakuwa ya waridi na mwili wa kimelea unafifia. Yakielekea kwenye besi, bluu inatawala kila mahali. Kwa pH 6.8 chembe za damu zenyewe huonekana vizuri tu, na maabara zinazochunguza maumbo ya chembe za damu hupendelea kiwango hicho. Lakini vitone vya Schüffner, vile vidoa vidogo vinavyomsaidia mpimaji kutambua vimelea vya aina ya vivax na ovale, vinataka 7.2. Maji yaliyokenekwa peke yake hayafai, ingawa ni masafi. Yakikaa wazi hunyonya kabonidayoksaidi ya hewani na pH yake kushuka hadi 5.6 hivi, bila mtu kuyatia chochote.

Kuhesabu chembe kwa mizani

Turudi kwenye gramu moja. Mkemia hajali sana uzito. Anajali idadi ya chembe, kwa sababu chembe ndizo zinazofanya kazi. Kwa kuwa hazihesabiki moja moja, zinahesabiwa kwa fungu linaloitwa moli. Kila kemikali ina uzito wake wa moli moja, na kwa kawaida umechapishwa kwenye kopo. Moli moja ya Na2HPO4 kavu ina gramu 141.96. Moli moja ya ile yenye maji kumi na mawili ina gramu 358.14. Moli moja ya KH2PO4 ina gramu 136.09. Molari, inayoandikwa M, ni idadi ya moli katika lita moja ya mmumunyo uliokamilika. Mmumunyo wa 1 M una moli moja katika kila lita.

Kwa bafa yetu namba za moli ni ndogo, kwa hiyo ni rahisi zaidi kutumia milimoli, yaani sehemu ya elfu ya moli. Gramu 1.0 ya Na2HPO4 kavu, ukiigawa kwa 141.96, inakupa milimoli 7.04. Gramu 0.7 za KH2PO4, ukizigawa kwa 136.09, zinakupa milimoli 5.14. Hizi mbili, 7.04 na 5.14, ndizo bafa yenyewe. Gramu ni njia tu ya kuzifikia.

Sasa mpime kijana wetu. Gramu yake moja ya chumvi yenye maji, ukiigawa kwa 358.14, ni milimoli 2.79. Alihitaji 7.04. Ili apate 7.04 kutoka kopo lile, angezidisha 7.04 kwa 358.14 na kugawa kwa elfu, apate gramu 2.52. Angekuta kopo la maji mawili, Na2HPO4·2H2O, ambalo uzito wake wa moli ni 177.99, angepima gramu 1.25. Chumvi ni ile ile, lakini kila kopo lina uzito wake wa kupima. Ndiyo maana nasema utaratibu uliobandikwa ukutani bila neno "kavu" pembeni ya fomula ni mtego, na wako walionaswa nao kwa miaka bila kujua, wakilaumu rangi.

Uzuri ni kwamba kosa lake linaokoleka palepale. Chupa tayari ina gramu 1.0, akiongeza gramu 1.52 za unga uleule na kukoroga mpaka uyeyuke, milimoli zinatimia. Ujazo utapita alama kwa kiasi kisichofika hata mililita mbili, na kwa bafa hiyo haidhuru. Mtahini atakata nusu alama pengine, lakini slaidi hazitaona tofauti.

Kuhusu alama ya chupa, kuna jambo ambalo wanafunzi huliona kama ukorofi wa walimu. Utaratibu unasema "maji hadi lita moja", hausemi "ongeza lita moja ya maji". Unayeyusha chumvi katika mililita 800 hivi ndani ya bika, unamimina kwenye chupa ya ujazo, unasuuza bika kwa maji kidogo na kumimina maji hayo humo humo, kisha unajaza taratibu mpaka sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo wa maji iguse alama ikiwa usawa wa jicho lako. Kwa gramu 1.7 za chumvi katika lita nzima, tofauti ya njia hizo mbili ni ndogo mno. Lakini chukua sukari ya kawaida, gramu 342, ambayo ni moli moja, umimine juu yake lita nzima ya maji. Utapata lita 1.2 hivi za maji ya sukari, na molari yako itakuwa 0.83 badala ya 1. Tabia ya kujaza hadi alama inajengwa kwenye bafa nyepesi ili isikosekane siku ya mmumunyo mzito.

Tone la asidi

Kwa nini chumvi mbili, na si moja? Hapa ndipo wanafunzi wengi hukariri bila kuona. Dawa yake ni jaribio dogo, ambalo lenyewe linaanza na swali jingine linalopendwa sana na watahini: tengeneza mililita 100 za asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M kutoka kwenye chupa ya asidi kali.

Chupa ya asidi kali haiandikwi molari. Imeandikwa asilimia 37 kwa uzito, na densiti ya 1.18. Soma lebo kama sentensi: mililita moja ina uzito wa gramu 1.18, kwa hiyo lita ina gramu 1180. Katika hizo, asilimia 37 ndiyo asidi halisi, gramu 437 hivi. Moli moja ya HCl ina gramu 36.46, gawa, upate karibu moli 12. Chupa ile ni ya 12 M. Anayesahau densiti anapata 10 M, na anayesahau asilimia anapata 32 M. Majibu hayo mawili wasahihishaji wanayajua kwa sura.

Kutoka hapo inatumika kanuni ambayo kila mwanafunzi anaijua, C1V1 = C2V2. Maana yake haina siri: ukizimua unaongeza maji, huongezi asidi, kwa hiyo kiasi cha asidi kabla na baada ni kilekile. Kupata mililita 100 za 0.1 M moja kwa moja kutoka 12 M unahitaji mililita 0.83. Jaribu kupima 0.83 kwa pipeti ya mililita 10. Huwezi kwa uhakika. Kwa hiyo unakwenda kwa hatua mbili. Kwanza mililita 8.3 za asidi kali ndani ya maji, ukajaza hadi mililita 100: hiyo ni 1 M, ndiyo stoku yako. Kisha mililita 10 za stoku, ukajaza hadi 100: hiyo ni 0.1 M. Maji hutangulia ndani ya chupa na asidi hufuata, polepole, chini ya kabati la kufyonza mvuke, miwani usoni. Maji yakimiminwa juu ya asidi kali, joto linalozuka linaweza kuirusha asidi usoni kwa mmiminaji.

Basi chukua mililita 1 ya asidi hiyo ya 0.1 M uitie kwenye lita moja ya maji yaliyokenekwa. pH itashuka hadi 4. Sasa chukua mililita nyingine uitie kwenye lita ya bafa iliyotengenezwa vizuri. Sindano ya kipimo haitikisiki. Mabadiliko ni chini ya 0.02.

Kilichotokea kinaonekana kwenye milimoli. Mililita ile ilileta milimoli 0.1 ya asidi. Ndani ya bafa kulikuwa na milimoli 7.04 za HPO4, ambayo ndiyo besi, na 5.14 za H2PO4, ambayo ndiyo asidi dhaifu. Asidi ngeni ikadakwa na besi: 7.04 ikawa 6.94, na 5.14 ikawa 5.24. Uwiano wa besi kwa asidi ulikuwa 1.37, sasa ni 1.32. pH ya bafa inafuata uwiano huo, tena kwa logi yake, kwa hiyo badiliko dogo la uwiano ni badiliko dogo zaidi la pH. Ingekuwa chumvi moja tu, upande mmoja ungebaki bila mlinzi: yenye KH2PO4 peke yake haina besi ya kudaka asidi.

Fomula yake ni ile ya Henderson na Hasselbalch: pH = pKa + log(besi ÷ asidi). Vitabu vinasema pKa ya fosfeti katika hatua hii ni 7.20. Hapo mwanafunzi mwerevu anauliza swali zuri kuliko yote: kama pKa ni 7.20 na pH ninayoitaka ni 7.2, basi logi inapaswa kuwa sifuri, yaani besi na asidi ziwe sawasawa. Mbona utaratibu wa ukutani una 7.04 kwa 5.14?

Hakukosea. Aliyekosea ni kitabu, au tuseme kitabu kimenyamaza. Ile 7.20 ni ya mmumunyo ulio mwepesi kiasi cha kukaribia maji matupu. Chumvi zikiwamo, chaji zao huzungukana na kuvutana, na fosfeti yenye chaji mbili inatulia zaidi kuliko yenye chaji moja, kwa hiyo asidi inaachia haidrojeni kwa urahisi zaidi. Kwa uzito wa bafa yetu, pKa inayofanya kazi kweli ni kama 7.0. Weka humo: 7.0 jumlisha logi ya 1.37, ambayo ni 0.14, upate 7.14. Hesabu hiyo inatua karibu kabisa na 7.2, na kilichobaki kinamalizwa kwa marekebisho madogo. Aliyeweka moli sawasawa kwa kufuata kitabu atasoma 7.0 kwenye kipimo chake na kudhani mizani ni mbovu.

Kwenye mtihani wa karatasi, tumia pKa uliyopewa na swali, hata kama unajua haya. Kwenye meza, amini kipimo, mradi umekisawazisha kwa bafa sanifu siku hiyo hiyo. Kwa kuwa 7.2 iko juu kidogo ya 7, sanifu za kutumia ni ile ya 7 na ile ya 10, ili unachokipima kiwe katikati yake.

Kikisoma 7.1, unaongeza myeyusho wa marekebisho ulioandaliwa mapema: gramu 2 za Na2HPO4 kavu katika mililita 100. Ukipita, unarudisha kwa myeyusho kama huo wa KH2PO4. Ni kwa matone, ukikoroga na kusubiri namba itulie, na kwa lita nzima mililita chache hutosha. Ukijikuta umeshatia mililita 30 na bado unasukuma, acha. Hapo tatizo si matone. Rudi kasome kopo.

Stoku inayodanganya kipimo

Maabara yenye slaidi nyingi haiwezi kupima gramu 0.7 kila asubuhi, na haipaswi. Mizani inayosoma hadi desimali moja ikikuonyesha 0.7, uzito wa kweli unaweza kuwa chochote kati ya 0.65 na 0.75, yaani kosa la asilimia 7 hivi. Bafa inavumilia hilo, kwani pH itasogea kama 0.03 tu, lakini si kila mmumunyo una uvumilivu huo. Kwa hiyo tunatengeneza stoku ya mara kumi: gramu 7.0 za KH2PO4 na gramu 10.0 za Na2HPO4 kavu katika lita moja. Kosa lile lile la mizani sasa ni chini ya asilimia moja. Siku ya kazi unachukua mililita 100 za stoku na kujaza hadi 1000.

Hapa kuna shimo ambalo hata wenye uzoefu hutumbukia. Mtu makini anapomaliza stoku yake anachovya kipimo, anasoma 6.9, anashtuka. Anatia alkali mpaka 7.2, anaandika lebo kwa fahari. Kesho yake anazimua mara kumi, na bafa ya kazini inasoma 7.4 na ushee. Stoku haikuwa mbovu alipoipima mara ya kwanza. Ni ule mvutano wa chaji: katika stoku nzito chumvi ni mara kumi, pKa inashuka zaidi, na pH inashuka nayo. Ukizimua, chaji zinapata nafasi na pH inapanda yenyewe kurudi karibu 7.15. Bafa ya fosfeti inarekebishwa ikiwa katika uzito itakaotumika. Ukitaka kuhakikisha stoku, zimua kidogo pembeni, mililita 10 hadi 100, upime hiyo.

Jambo jingine la stoku ni friji. Na2HPO4 haiyeyuki vizuri kwenye baridi. Ukitamani stoku nzito sana, tuseme ya 0.5 M, kisha ukaiweka kwenye friji, asubuhi utakuta fuwele nzuri zimetulia chini ya chupa. Anayemimina maji ya juu bila kuziyeyusha tena kwa joto anazimua mmumunyo ambao haujui molari yake, na uwiano wa chumvi mbili umeharibika, kwa sababu iliyozama ni moja zaidi ya nyingine.

Kwa haraka niseme kwamba vipo pia vidonge vya bafa vya pH 7.2 vinavyouzwa tayari. Unayeyusha kimoja kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye kopo, na hesabu yote hii inakuwa imefanywa na kiwanda. Kwa kituo kidogo cha afya kisicho na mizani nzuri, ni uamuzi wa busara kabisa.

Baada ya bafa, Giemsa yenyewe ni rahisi, lakini ina hila yake. Stoku yake haina maji hata tone: gramu 3.8 za unga, mililita 250 za methanoli na mililita 250 za gliseroli. Hapa molari haina maana, kwa sababu unga ni mchanganyiko wa rangi kadhaa na hauna uzito mmoja wa moli. Tunahesabu kwa asilimia za ujazo, stoku ikichukuliwa kuwa 100. Kwa mgonjwa anayesubiri majibu tunatumia asilimia 10 kwa dakika 8 hadi 10. Kwa slaidi nyingi zisizo na haraka, asilimia 3 kwa dakika 45 hadi 60, ambayo hutumia rangi kidogo.

Mililita 50 za asilimia 10, kwa C1V1 = C2V2, zinataka mililita 5 za stoku. Zilizobaki ni 45 za bafa. Watahiniwa wengi humimina 5 kwenye 50, wakapata asilimia 9.1. Chanzo cha kosa hilo mara nyingi ni ile alama ya nukta mbili: "1:10" wengine huisoma sehemu moja ndani ya kumi kwa jumla, wengine sehemu moja juu ya kumi. Mtahini mwungwana huandika "mililita 5 za stoku, jumla mililita 50". Ukikuta hakuandika, eleza kwenye jibu lako umeisoma vipi.

Pipeti inayoingia kwenye chupa ya stoku iwe kavu kabisa. Maji yakiingia, rangi huanza kuharibika ndani ya chupa, na siku chache baadaye slaidi zote zinatoka hafifu hata bafa ikiwa sahihi. Ndiyo maana stoku ya Giemsa humiminwa kwanza kidogo kwenye chupa ndogo ya kazi, na chupa kubwa ikabaki imefungwa, mbali na mwanga. Iliyokwisha kuzimuliwa haiwekwi kwa ajili ya kesho: ndani ya maji rangi zile mbili huanza kushikana na kuzama, na unaziona kama chembechembe nyeusi zilizotapakaa juu ya slaidi, ambazo mgeni anaweza kuzidhania vimelea.

Kabla ya kupaka slaidi za wagonjwa kwa bafa mpya au chupa mpya ya stoku, pakwa slaidi moja ambayo tayari inajulikana kuwa na vimelea, kisha itazame. Anza na chembe nyeupe za damu, maana ziko kwenye kila slaidi: viini vyake vitoke na zambarau iliyokoza. Kisha tafuta pete. Kiini chekundu na mwili wa bluu vyote vikionekana, endelea na kazi. Ukiona nukta nyekundu bila ile bluu yake, na chembe za damu zimegeuka waridi, pH iko chini; pima bafa, na kama imeshuka sana, nenda kwenye kopo la Na2HPO4 ukaangalie kuna nini baada ya nukta. Kila kitu kikiwa bluu ya mawingu, pH iko juu, na wa kuulizwa kwanza ni yule aliyerekebisha stoku. Lakini rangi zikiwa na uwiano mzuri ila zote hafifu, bafa haina hatia: ama stoku ya Giemsa imeingia maji, ama mtu amemimina 5 kwenye 50 na kuitoa slaidi mapema.